Marko Anapoishia

Ndugu yangu,

Uliponiambia umeacha kanisa, nilikumbuka darasa la kipaimara, tulivyokariri Katekisimu Ndogo ya Luther huku fimbo ikiwa mezani. Mimi nimekwamia Marko sura ya 16. Nakala mbili kongwe za Kigiriki, Sinaitiko na Vatikano, za karne ya 4, zinaishia mstari wa 8: wanawake wanakimbia kaburini, wala hawamwambii mtu, maana wanaogopa. Mistari 12 inayofuata haimo. Hatukuambiwa, na kufichwa huko ndiko kulikoniuma.

Ajabu, mwisho ule wa hofu ndio ninaouamini zaidi. Mzushi angemalizia vizuri. Jumapili bado naenda, nakaa benchi la nyuma. Kwenye Imani ya Mitume, nikifika penye ufufuo, sauti inashuka yenyewe. Wewe ulipofika hapo, ulifanyaje?