Aliyesema ni nani, mkalimani au mwanakijiji?

Muhtasari wa mkutano wa kijiji kimoja ulisomeka: “Mkalimani alipinga bomba kupita kiwanjani kwake.” Mkalimani hana kiwanja pale! Aliyepinga ni mama kiziwi, kwa lugha ya alama. Alipofuatilia fidia, jina lake halikuwamo.

Mkalimani akitamka “mimi napinga”, hiyo “mimi” ni ya mwenye hoja. Basi katibu aandike jina la mama, kisha “kwa lugha ya alama, kupitia mkalimani”. Mkalimani akisema lake, mfano kuomba jambo lirudiwe, hapo ndipo aandikwe yeye. Na kabla muhtasari haujathibitishwa, mama aelezwe kwa alama yaliyoandikwa kwa jina lake, ikiwezekana na mkalimani mwingine, maana kosa laweza kuwa la tafsiri, si la katibu.