Karatasi ya monita: Namba kubwa si lazima iwe namba bora

UKIINGIA leo katika duka lolote la kompyuta utakuta kila monita imeambatana na karatasi ya sifa zake. Karatasi hiyo imejaa namba, na muuzaji huonyesha kwa kidole ile iliyo kubwa kuliko zote. Mnunuzi naye, kwa kuwa hana la kujibu, hutoa fedha. Juma hili katika mazungumzo yetu ya redioni tulijaribu kuisoma karatasi hiyo mstari kwa mstari, na kwa vile namba hupita haraka masikioni, wengi wameomba tuziandike gazetini.

Tuanze na mkasa wenyewe. Msikilizaji wetu mmoja ana duka la picha za pasipoti na kazi za kuchapa. Duka lake ni dogo, mlango wake unatazama barabara, na mteja husimama pembeni ya meza ili aione picha yake kabla haijachapwa. Muuzaji alimletea karatasi mbili za monita za inchi 24. Ya kwanza, ambayo tutaiita A, ilikuwa ghali zaidi, na karatasi yake ilisema hivi: VA, 250 cd/m², 3000:1, DCR 20,000,000:1, 4 ms GtG, 1 ms MPRT, 100 Hz. Ya pili, B, ilisema: IPS, 300 cd/m², 1000:1, 5 ms GtG, 75 Hz. Muuzaji alisisitiza kwamba A ndiyo bora kwa kuwa ina "milioni ishirini" na "milisekunde moja". Je, alikuwa na haki ya kusema hivyo?

Herufi za mwanzo, VA na IPS, ni aina ya kioo. Ndani ya monita za aina hizi kuna taa nyuma, na mbele ya taa hiyo kuna chembe ndogo mno zinazofanya kazi kama pazia. Pazia likifunguka mwanga unapita, likifungwa kunakuwa na giza. Tofauti ya aina za kioo ni namna chembe hizo zinavyojipanga. Katika VA chembe husimama, na zikitulia huziba mwanga vizuri sana, hivyo weusi wake ni mzito. Katika IPS chembe hulala na kuzunguka papo hapo zilipolala. Weusi wake si mzito kama wa VA, lakini rangi zake hazibadiliki sana ukizitazama kutoka ubavuni. Ipo pia aina ya TN, ambayo aghalabu ndiyo rahisi kwa bei. Hiyo ukiitazama kutoka chini, sura ya mtu huingia giza kama picha iliyoungua.

Hapa msomaji ataniuliza: mbona karatasi za VA na IPS zote huandika pembe ya kutazama ya nyuzi 178? Jibu liko katika maandishi madogo yanayofuata, CR>10. Maana yake ni kwamba katika pembe hiyo weupe bado unauzidi weusi mara 10. Monita iliyoanza na mara 3000 ikashuka hadi 10 bado inaruhusiwa kuandika 178. Maandishi hayo hayasemi lolote kuhusu rangi ya ngozi ya mteja aliyesimama pembeni. Kwenye VA, mteja huyo ataiona sura yake imepauka, wakati mwenye duka aliyeketi mbele anaiona sawasawa. Hapo ndipo ugomvi wa "mbona umenifanya mweupe hivi?" unapoanzia.

Sasa tuje kwenye mwangaza na uwiano wa weupe na weusi, kwa sababu namba hizi mbili hazifai kusomwa mbalimbali. Alama ya cd/m² inaeleza mwanga unaotoka katika kioo pale monita inapowashwa kwa nguvu yake yote. Namba kama 3000:1 inaeleza weupe unauzidi weusi mara ngapi. Basi gawanya moja kwa nyingine utaupata weusi wenyewe. Kwa monita A, 250 gawanya kwa 3000 ni kama 0.08. Kwa monita B, 300 gawanya kwa 1000 ni 0.3. Weusi wa A ni mzito karibu mara nne kuliko wa B. Mpaka hapo muuzaji anaonekana kushinda.

Lakini vipimo hivyo huchukuliwa gizani, na duka la msikilizaji wetu haliko gizani. Izime monita yoyote mchana, uitazame. Kioo hakiwi cheusi, bali ni cha kijivu, kwa sababu kinarudisha mwanga wa mlangoni. Weusi wa picha hauwezi kuwa mzito kuliko kijivu hicho, hata monita iwe ya thamani gani. Tuseme mwanga unaorudi ni 3 cd/m², kiasi kinachowezekana kabisa katika chumba chenye mwanga mwingi. Huo unajumlishwa kwenye weupe na kwenye weusi pia. Monita A sasa ina weupe wa 253 na weusi wa 3.08, yaani uwiano wa kama 82 kwa moja. Monita B ina 303 na 3.3, yaani kama 92 kwa moja. Ile elfu tatu iliyolipiwa imeyeyuka, na B yenye elfu moja tu imepita mbele kwa sababu ya mwangaza wake.

Haya si kusema kwamba 3000:1 ni namba ya bure. Kama meza ingegeuzwa, kioo kikaupa mlango kisogo, na mwanga unaorudi ukashuka hadi 0.3, A ingekuwa na kama 650 kwa moja na B kama 500. Na kwa mtu anayetazama filamu usiku taa zimezimwa, VA ndiyo chaguo la haki, kwa kuwa IPS ya kawaida gizani huonyesha usiku wa kwenye filamu ukiwa na ukungu wa kijivu.

Na ile milioni ishirini? Namba ya DCR haipimwi katika picha moja. Weupe hupimwa taa ya nyuma ikiwa imewaka kabisa, kisha weusi hupimwa taa hiyo ikiwa imefifishwa au imezimwa. Ni sawa na mtu kulinganisha sebule yake taa zikiwaka na sebule hiyohiyo umeme ukikatika, kisha akajisifu kuwa ana balbu ya ajabu. Katika picha ya pasipoti, nywele nyeusi na ukuta mweupe vipo pamoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo DCR haina msaada wowote. Tena ikiachwa imewashwa, mwangaza wa kioo hupanda na kushuka wenyewe kila picha inapobadilika, na mwenye duka hatajua kama picha imefifia au ni kioo kilichofifia. Ukishanunua, ingia kwenye menyu uizime.

Tumalizie na muda, yaani ms. Milisekunde moja ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. GtG ni muda wa chembe kugeuka kutoka kijivu kimoja hadi kijivu kingine. Alama ya Hz nayo inaeleza picha mpya ngapi zinaletwa kila sekunde. Gawanya 1000 kwa 100 Hz, utapata milisekunde 10 kwa kila picha. Kwa 75 Hz ni kama 13.3. Chembe zikishindwa kugeuka ndani ya muda huo, picha ya zamani inabaki chini ya mpya, na kitu kinachokwenda kinaacha mkia. Kwa namba za karatasi, 4 na 5 zote zinaingia ndani ya muda. Tatizo ni kwamba kiwanda huandika mgeuko ulio wa haraka. Kwenye VA nyingi, mgeuko kutoka weusi kwenda kijivu cheusi huchukua muda mrefu zaidi ya huo, na ndiyo maana maandishi kwenye ukurasa mweusi huacha kivuli unapoyasogeza.

1 ms MPRT ni habari nyingine. Hapo hakuna chembe iliyogeuka kwa milisekunde moja. Kinachofanyika ni kuiwasha na kuizima taa ya nyuma haraka haraka, ili jicho lione picha kwa muda mfupi tu. Sasa piga hesabu: kama kila picha ina milisekunde 10, na taa inawaka kwa moja tu, mwanga unabaki sehemu moja ya kumi. Baadhi ya monita huongeza nguvu ya taa ili kufidia, lakini kwa kawaida kioo hufifia waziwazi, na watu wengine huumwa macho kwa kule kumwekamweka. Kwa hiyo ile 250 cd/m² na ile 1 ms zimeandikwa kwenye karatasi moja, lakini usitarajie kuzipata pamoja. Mcheza gemu anaweza kukubali biashara hiyo. Mpiga picha wa pasipoti, ambaye sura anazozitazama zimetulia kimya, hana sababu.

Ushauri tuliompa msikilizaji wetu ni achukue B, ile ya bei nafuu. Sababu ya kwanza ni mteja anayesimama pembeni, ya pili ni mwanga wa mlangoni. Lakini tulimwomba asitoe fedha kabla ya kuijaribu. Achukue fleshi yenye picha mbili: moja ya sura ya mtu, nyingine nyeusi tupu. Ile ya sura aitazame kwanza akiwa mbele, kisha asogee hadi mahali anaposimama mteja wake, aone kama ngozi imebadilika. Ile nyeusi aijaze kioo kizima na aombe taa za dukani zizimwe kidogo. Mwanga ukivuja kwa wingi pembeni mwa kioo, arudishe hiyo na aombe nyingine ya aina hiyohiyo. Na akiiweka dukani kwake, aigeuze ili isitazamane na mlango. Kugeuza meza hakuna gharama, na kama tulivyoona kwenye hesabu, kunaupandisha uwiano kutoka 92 hadi 500.