Deni la dola, vitabu vya shilingi

Tuseme mfanyabiashara wa Kariakoo amepokea vitenge kutoka Guangzhou mwezi Novemba, pamoja na ankara ya dola 10,000 ya kulipwa Januari. Siku hiyo dola ni shilingi 2,500, kwa hiyo karani anaandika mzigo wa shilingi milioni 25 na deni la kiasi hicho hicho.

Tarehe 31 Desemba, anapofunga hesabu, dola imefika 2,560. Kwa kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IAS 21, deni linapandishwa hadi milioni 25.6, na 600,000 zinaandikwa hasara ya mwaka huo. Vitenge havipandishwi bei. Vinabaki kwenye milioni 25.

Januari benki inamuuzia dola kwa 2,540. Analipa milioni 25.4, na 200,000 zinakuwa faida ya mwaka mpya.

Kosa linalowaponza wengi ni kuiongeza tofauti hii kwenye gharama ya mzigo, hata bei ya dukani ikapotoka. Wengine huisahau kabisa: akaunti ya msambazaji inasoma sifuri kwa dola, lakini kwa shilingi kuna salio lisilodaiwa na mtu. Ukiliona, tafuta kwanza tofauti ya ubadilishaji ambayo haikuandikwa.