Waya wa Chaja Unaochaji Ukikunjwa Tu

Ukikunja waya karibu na kichwa, simu inaingiza chaji, ukiuachia, inakata. Kwanza jaribu waya mwingine. Huo ukichaji vizuri, basi tundu la simu na chaja ni vizima, na tatizo liko kwenye waya wako.

Ndani ya waya wa kawaida wa USB mna nyaya nne: nyekundu na nyeusi hupitisha umeme wa kuchaji, kijani na nyeupe hupitisha data. Kila mmoja umesokotwa kwa nyuzi nyembamba za shaba. Nyuzi hizo hukatika pale waya laini unapokutana na kichwa kigumu, kwa kuwa mkunjo wote huishia hapo. Ganda la nje hubaki zima, na ukilikunja ncha zilizokatika hugusana.

Kupata mahali penyewe, chomeka waya na uunyooshe. Kuanzia kichwani, ukunje kidogo kila baada ya sentimita moja. Alama ya chaji inapowaka na kuzimika, ndipo palipokatika. Rudia upande wa chaja.

Fundi hukata kipande hicho na kuunga kichwa kipya kwa lehemu, rangi kwa rangi. Waya ukipata moto hapo, uchomoe mara moja: mguso hafifu huzalisha joto.