Ile Inayomlaza

"Daktari, naomba dawa ya kikohozi ya mtoto. Ile inayomlaza."

Mimi ni mfamasia, si daktari, ila hilo nimeshachoka kulisahihisha. Nisilolizoea ni hayo maneno mawili ya mwisho. Wiki hii hadi Jumatano nilikuwa nimeyasikia mara nne, na wa nne alikuwa mwalimu wa sayansi. Hakuna anayeuliza dawa gani itamponya mtoto. Wanauliza ipi itamlaza, wakiamini kwamba maswali hayo mawili ni swali moja.

Simlaumu mzazi. Aliyewahi kukesha na mtoto anayekohoa kuanzia saa tano usiku hadi adhana ya alfajiri anajua kwamba saa tisa ya usiku mtu yuko tayari kununua chochote. Lakini mtoto akilala baada ya kunyweshwa dawa, umeshuhudia jambo moja tu: dawa imemlevya. Kikohozi hujui kimefanywa nini. Hata kijiko cha konyagi kingemlaza, na sijaona mzazi akiniomba konyagi.

Nitaeleza kisa kimoja, nikibadilisha madogo madogo ili familia isitambulike. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane, kilo 10, mafua siku ya nne, pua imeziba, anakohoa usiku. Mama yuko kazini zamu ya usiku, mtoto yuko kwa bibi. Kabatini mna chupa ya babu ya dawa ya kikohozi yenye kodeini, miligramu 15 katika kila mililita 5. Babu alikuwa anakunywa mililita 10. Bibi, mtu makini, akapima kwa kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na chupa na kumpa mtoto nusu ya dozi ya babu: mililita 5. Akampa jioni saa kumi na mbili, akarudia saa nne usiku, akarudia tena saa nane.

Tupige hesabu, maana hapa ndipo "nusu ya mtu mzima" inapoua. Mililita 5 ni miligramu 15 za kodeini. Kwa mwili wa kilo 10 hiyo ni miligramu moja na nusu kwa kila kilo. Babu ana kilo 60. Ili naye apate kiasi hicho kwa kila kilo ya mwili wake, ingebidi anywe miligramu 90, yaani mililita 30 kwa mkupuo. Kwa dozi zote tatu za usiku ule angekuwa amekunywa mililita 90, karibu chupa nzima ya mililita 100, ndani ya saa nane. Bibi hakuzidisha hata tone juu ya alichokusudia. Kosa lake lilikuwa kuamini kwamba mtoto ni nusu ya babu, wakati kwa uzito alikuwa moja ya sita.

Asubuhi mama alimkuta mtoto amelegea, midomo imeingia weusi, haamki hata akitikiswa. Hospitalini alikuwa akipumua kama mara 10 kwa dakika, na mboni za macho zimekuwa kama ncha ya kalamu. Alichomwa naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya mofini na jamii yake, akaanza kupumua vizuri. Hata hivyo alilazwa na kuangaliwa saa kwa saa, kwa sababu naloksoni huisha mwilini kabla sumu yenyewe haijaisha, na mtoto aliyeamka anaweza kuzama tena. Alipona.

Lakini kilichonibaki kichwani ni maneno ya bibi. Alisema kwa uchungu, akijitetea: "Ila dawa ilifanya kazi. Tangu saa nne hakukohoa tena."

Ni kweli kabisa, hakukohoa. Sehemu ya chini ya ubongo inayoamuru mwili ukohoe imepakana na ile inayoamuru mwili upumue, na kodeini inazibembeleza zote mbili. Haina namna ya kunyamazisha moja na kuiacha nyingine macho. Ukimya uliomfurahisha bibi saa nne usiku na ule uliomtisha mama asubuhi ulikuwa ukimya uleule, umesogea mbele kwa saa chache. Wakati huohuo kamasi zile zilizokuwa zinateremka kooni hazikuacha kuteremka. Mtoto wa umri huo hajui kupenga wala kutema. Kikohozi ndicho kifagio chake cha pekee, na tulikuwa tumempokonya.

Wapo wanaoniambia, basi punguza dozi, mpe matone mawili matatu. Ingekuwa rahisi hivyo ningepunguza. Tatizo la kodeini ni kwamba yenyewe ni malighafi tu. Ini ndilo linaloigeuza kuwa mofini, na maini ya watu hayafanyi kazi kwa kasi moja. Kuna watu wenye nakala za ziada za jeni inayosimamia kazi hiyo. Kwao kijiko kilekile hutoa mofini nyingi, tena haraka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulikuta nakala hizo za ziada kwa karibu watu 3 katika kila 10 waliopimwa Ethiopia. Huko ni jirani hapa, si mbali. Kwa sura mtu wa namna hiyo humtambui, na mzazi anaweza kugundua kwamba mwanawe yumo kundini usiku wa kwanza wa dawa. Ndiyo maana Ulaya mwaka 2015 ilikataza kodeini ya kikohozi kwa walio chini ya miaka 12. Marekani ikaipiga marufuku kwa umri huohuo mwaka 2017, na mwaka uliofuata ikaamua kwamba dawa za kikohozi zenye kodeini ni za watu wazima tu.

Na hatari yote hiyo ni kwa ajili ya faida gani? Mwaka 1993 lilichapishwa jaribio dogo la watoto 49 wenye kikohozi cha usiku. Wengine walipewa dawa yenye kodeini, wengine yenye deksitromethofani, wengine maji matamu yasiyo na dawa, kwa usiku tatu. Makundi yote matatu yalipata nafuu, na dawa hazikuyashinda maji matamu. Hapo ndipo sifa za chupa zinapozaliwa. Kikohozi cha mafua huenda kikipungua chenyewe. Mzazi huvumilia siku tano, ya sita ananunua dawa, ya nane mtoto ana nafuu, na jirani anapelekewa jina la dawa.

Basi nipe isiyo na kodeini, wanasema, hiyo ya kuzibua pua tu. Pseudoefedrini, efedrini na fenilefrini zikinywewa huibana mishipa ya damu ya pua, lakini hazibishi hodi puani peke yake. Zinabana na kwingine, moyo unakwenda mbio, mtoto anahangaika, halali. Nchini Marekani mwaka 2005 watoto watatu wa kati ya mwezi 1 na miezi 6 walikutwa wamekufa nyumbani, na damu yao ikiwa na kiwango kikubwa cha pseudoefedrini. Mwaka 2007 watengenezaji wa huko waliziondoa sokoni dawa za mafua za watoto wachanga. Uingereza mwaka 2009 ikasema wasipewe walio chini ya miaka 6.

Sasa soma lebo za chupa nyingi za dawa za mafua za rangi nyekundu. Utakuta ndani yake dawa ya kuzibua pua, inayomkosesha mtoto usingizi, na pembeni yake klorofeniramini au promethazini, inayomlaza. Moja inakanyaga moto, nyingine breki, na gari ni mwanao. Promethazini yenyewe haifai kabisa kwa aliye chini ya miaka 2, kwa sababu ileile ya kudhoofisha pumzi.

Na tafadhali tusichanganye hili na mkasa wa Gambia wa mwaka 2022. Zile zilikuwa dawa zilizochafuliwa kwa kemikali ya viwandani ikaharibu figo za watoto. Mimi nazungumzia dawa safi, halali, yenye kila kilichoandikwa kwenye lebo.

Haya, cha kufanya. Kwa aliyetimiza mwaka, asali: nusu kijiko cha chai hadi kimoja kabla ya kulala. Chini ya mwaka asali hapana, hata ya kulamba kidoleni, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vinavyomlegeza mtoto mchanga misuli hadi ya kupumulia. Huyo mpe ziwa mara nyingi zaidi. Pua imeziba: robo kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha mililita 250 cha maji yaliyochemka na kupoa, matone mawili matatu kila tundu kabla ya kunyonya na kulala, futa, na kesho tengeneza mengine. Mnyweshe vya uvuguvugu. Jiko la mkaa litoke chumbani, na mwenye sigara atoke nalo. Kumfukiza mtoto mdogo kwa sufuria ya maji ya moto acheni, wodi za walioungua zinatosha. Za kupaka zenye kafuri zisiguse pua, na chini ya miaka 2 zisitumike. Antibayotiki haziui virusi vya mafua. Halafu vumilia: tafiti zilizojumlishwa mwaka 2013 zilionyesha kwamba watoto 9 kati ya 10 hupona kikohozi cha namna hii ndani ya siku 25. Siku 25, mama, si tatu. Ila kikipita wiki mbili apimwe, huenda ni pumu, kifua kikuu, kifaduro, au punje ya karanga iliyopotea njia.

Jambo moja naomba lisiharakishwe. Mtoto akiwa ametulia, mpandishe fulana, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Chini ya miezi 2, zikifika 60 ni haraka mno. Miezi 2 hadi kabla ya mwaka, 50. Mwaka mmoja hadi kabla ya miaka 5, 40. Zikifika hapo, au sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akikoroma kwa ukali akiwa ametulia, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, nenda kituo cha afya usiku huohuo, usipitie dukani kwangu.

Na kama umeshampa ile inayomlaza, kisha ukaona analala usingizi ambao hata kufinywa hakumwamshi, au pumzi zimekuwa chache na za kukatika, usingoje usingizi uishe. Mchukue, na uichukue chupa. Usiifiche kwa aibu kama bibi wa kisa changu, aliyekuwa ameitia kwenye mkoba na kuitoa baada ya kuulizwa mara ya tatu.