Nusu ya Mwaka, Nusu ya Fedha, na Bado Hesabu Haziko Sawa

Shirika dogo linalofundisha wakulima wa mbogamboga kuhifadhi mavuno limepewa ruzuku ya shilingi milioni 120 kwa mwaka mmoja, Januari hadi Desemba. Tarehe 30 Juni mhasibu anajumlisha matumizi na kukuta yamefika milioni 60. Nusu ya mwaka imepita, nusu ya fedha imetumika. Wajumbe wa bodi wakiuliza, mkurugenzi atawajibu kwa moyo mkunjufu kwamba mradi unakwenda vizuri. Shirika hili nimelitunga kwa ajili ya makala haya, lakini hesabu zake ni za aina inayokutwa katika ofisi nyingi za asasi zetu, na jibu la mkurugenzi huyo si sahihi.

Si sahihi kwa sababu mfadhili hakutoa milioni 120 zitumike popote. Mkataba una kiambatisho cha bajeti, na ndani yake fedha zimegawanywa katika vifungu. Kila shilingi ina mahali pake palipokubaliwa, na ripoti ya fedha itapimwa kifungu kwa kifungu. Ndiyo maana chombo muhimu kuliko vyote katika ofisi ya mradi ni jedwali la ufuatiliaji, yaani karatasi moja inayoweka bajeti ya kila kifungu kando ya kilichotumika. Jedwali la shirika letu mwishoni mwa Juni linasomeka hivi, kwa maelfu ya shilingi:

| Kifungu | Bajeti | Matumizi | Asilimia |
|---|---|---|---|
| Mishahara | 48,000 | 24,000 | 50 |
| Mafunzo | 30,000 | 6,000 | 20 |
| Usafiri | 18,000 | 14,400 | 80 |
| Vifaa | 12,000 | 11,400 | 95 |
| Utawala | 12,000 | 4,200 | 35 |
| Jumla | 120,000 | 60,000 | 50 |

Mstari wa chini ni mzuri, lakini ndani yake usafiri umekwisha kwa asilimia 80, na mafunzo, ambayo ndiyo sababu ya mradi kuwepo, hayajafika hata robo. Ziada ya upande mmoja imefunika upungufu wa upande mwingine.

Hapo ndipo kasi ya matumizi inapohitajika. Gawanya kilichotumika kwa idadi ya miezi iliyopita. Usafiri umekula milioni 14.4 kwa miezi sita, sawa na milioni 2.4 kwa mwezi. Salio ni milioni 3.6. Ukiligawa kwa 2.4 unapata mwezi mmoja na nusu, kwa hiyo fedha za usafiri zitakauka katikati ya Agosti huku kazi ikiwa imebaki hadi Desemba. Mafunzo yanakwenda kwa milioni 1 kwa mwezi. Ili kumaliza bajeti yake sasa yanahitaji milioni 4 kila mwezi, mara nne ya kasi ya sasa, na asipopatikana mtu wa kuyasukuma, milioni 18 zitarudishwa kwa mfadhili.

Namba hii hailingani na vifungu vyote. Vifaa vimefika asilimia 95, na mtu asiyejua mradi angeshtuka, kumbe kompyuta na mizani zilinunuliwa zote Februari kama mpango ulivyotaka, na milioni 0.6 iliyobaki ni nafuu iliyopatikana kwenye bei. Kwa kifungu cha namna hiyo wastani wa mwezi hauna maana. Dawa yake ni kuandika mpango wa matumizi wa kila mwezi tangu siku ya kwanza, ili linganisho liwe kati ya kilichotarajiwa kutumika hadi Juni na kilichotumika kweli.

Mtu makini hakimbilii kumlaumu dereva au mratibu baada ya kuona asilimia 80. Anafungua faili la vocha za usafiri na kuzisoma moja moja. Katika mfano wetu atakuta vocha zenye jumla ya milioni 4.2 ambazo ni nauli za wakulima waliokuja kwenye mafunzo. Mhasibu aliona neno nauli akaziweka kwenye usafiri, lakini maelezo ya bajeti yanasema nauli za washiriki ni sehemu ya mafunzo, na kifungu cha usafiri ni cha mafuta na posho za watumishi wanaokwenda vijijini. Kosa hili ni la kawaida sana, na chanzo chake ni kwamba wanaoingiza vocha hawajawahi kupewa kile kiambatisho cha maelezo. Inaandikwa vocha ya marekebisho, na picha inabadilika: usafiri unashuka hadi milioni 10.2, mafunzo yanapanda hadi milioni 10.2. Kasi ya usafiri sasa ni milioni 1.7 kwa mwezi na salio ni milioni 7.8, linalotosha hadi baada ya tarehe 15 Novemba. Tatizo bado lipo, lakini si lile la Agosti.

Utawala nao una siri yake. Shirika lina wafadhili wawili wanaochangia kodi ya ofisi ya milioni 1 kwa mwezi, huyu wa kwanza asilimia 60 na wa pili asilimia 40. Kuanzia Aprili hadi Juni kodi yote iliandikwa kwa mfadhili wa pili. Sehemu ya mfadhili wa kwanza, laki 6 kwa miezi mitatu, ni milioni 1.8, na ukiirudisha mahali pake utawala unafika milioni 6, nusu kamili ya bajeti. Wakati huohuo jumla kuu inapanda hadi milioni 61.8. Ile asilimia 50 iliyompa mkurugenzi amani haikuwa hata kweli, na mfadhili wa pili alikuwa anatozwa gharama isiyo yake. Mkaguzi akilikuta jambo hili kabla yenu, ataiita gharama hiyo isiyokubalika na kudai fedha zirudishwe.

Jedwali lenyewe halihitaji programu ya bei kubwa. Kwenye Excel tengeneza karatasi mbili. Ya kwanza, iitwayo Matumizi, ni daftari la vocha, na kila mstari una tarehe, namba ya vocha, maelezo, alama ya mfadhili, alama ya kifungu na kiasi. Vocha iliyogawanywa kwa wafadhili wawili inaandikwa mistari miwili yenye namba ileile, na mistari hiyo ikijumlishwa ni lazima irudishe kiasi cha risiti, pasipo kuzidi. Karatasi ya pili ni jedwali. Ikiwa alama ya kifungu iko A2, na mfadhili wa kwanza ana alama MF1, matumizi ya kifungu hicho yanapatikana hivi:

```
=SUMIFS(Matumizi!F:F,Matumizi!D:D,"MF1",Matumizi!E:E,A2)
```

Jihadhari na alama za vifungu. Bajeti nyingi hutumia 2.1, 2.2 hadi 2.10. Excel huisoma 2.10 kama namba 2.1, na fomula hii huvihesabu vifungu hivyo viwili kama kimoja hata ukiviandika kama maandishi. Tumia alama zenye herufi, kama B-01 na B-10. Kisha chini ya jedwali weka hakikisho, yaani jumla ya matumizi ya jedwali ukitoa jumla yote ya mfadhili huyo kwenye daftari. Jibu likiwa si sifuri, kuna vocha yenye alama iliyokosewa au iliyohesabiwa mara mbili, na jedwali lisitumwe kwa mtu hadi ipatikane.

Kati ya matumizi na salio weka safu ya ahadi. Mwishoni mwa Juni shirika letu limekwisha kusaini hati ya manunuzi ya ukumbi na chakula cha mafunzo ya Julai, milioni 3.5. Benki bado haijaguswa, lakini fedha hizo zina mwenyewe. Salio la mafunzo baada ya marekebisho ni milioni 19.8, na lililo huru kweli ni 16.3. Masurufu nayo yaingie hapo. Afisa aliyechukua masurufu na hajarejesha risiti anashika fedha zilizokwisha kutoka benki ambazo bado si matumizi, na ofisi isiyoyafuatilia huona salio moja kwenye vitabu na jingine benki bila kuelewa kwa nini. Januari 2025, Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mashirika mengi yaliagizwa kusitisha kazi mara moja. Katika hali kama hiyo, safu ya ahadi ndiyo inayoonyesha siku ileile ni madeni gani shirika limejifunga nayo.

Turudi kwenye usafiri. Kwa kasi ya sasa miezi sita iliyobaki inahitaji milioni 10.2, na iliyopo ni 7.8, kwa hiyo pungufu ni milioni 2.4. Je, zihamishwe kutoka mafunzo? Jibu liko kwenye mkataba. Kwa miaka mingi masharti ya jumla ya ruzuku za Umoja wa Ulaya kwa miradi ya nje yameruhusu kuhamisha hadi asilimia 25 ya kifungu kikuu bila kubadili mkataba, ingawa gharama za utawala haziongezwi kwa njia hiyo. Wafadhili wengi huweka asilimia 10. Tuseme wetu ni wa asilimia 10: kifungu cha usafiri kinaweza kupokea milioni 1.8 tu. Laki 6 zinazobaki zitapatikana kwa kuunganisha safari mbili za kijiji kimoja kuwa moja, au kwa barua ya kuomba idhini. Barua hiyo iandikwe Julai, mfadhili akiwa na muda wa kukubali. Ikiandikwa Novemba, fedha zikiwa zimekwisha kutumika, inakuwa barua ya kuomba radhi.

Ruzuku ikiwa ya fedha za kigeni, ongeza safu ya kiwango cha kubadilisha fedha. Mwishoni mwa 2024 shilingi ya Tanzania iliimarika dhidi ya dola ndani ya muda mfupi, na kila dola iliyopokelewa ikaleta shilingi chache kuliko zilizopangiwa bajeti. Vifungu vilivyoonekana vina salio vilikuwa vimepungua bila mtu kutumia chochote.

Jedwali hili haliwezi kusema kama wakulima walijifunza kitu. Linaweza kusema kama fedha za kuwafundisha bado zipo, ziko kwenye kifungu gani, na kama kasi ya leo itazifikisha kwao kabla ya Desemba. Kwa hiyo ninawasihi wajumbe wa bodi: msikubali kupewa jumla peke yake. Kila mwezi kabla ya tarehe 10 dai jedwali la vifungu la kila mfadhili, lenye safu ya ahadi na hakikisho linaloonyesha sifuri, na pale asilimia ya kifungu inapoachana sana na mpango, mhasibu na mratibu wa mradi wakae pamoja na faili la vocha mezani.