Benki au Mbia?

Tuchukue kampuni ya mfano: kiwanda kidogo cha unga lishe pale Morogoro, kina miaka mitatu sokoni. Kinauza unga wa shilingi milioni 20 kwa mwezi. Ukishatoa gharama za nafaka, mifuko, umeme, usafiri na mishahara, pamoja na mshahara wa mwenye kampuni mwenyewe, zinabaki milioni 3. Mshahara huo nautaja kwa makusudi, maana waanzilishi wengi husahau kujilipa wanapopiga hesabu, na faida wanayomwonyesha afisa mikopo ni jasho lao ambalo halijapewa bei.

Mama huyu anataka kuingia Dar es Salaam. Anahitaji milioni 120: milioni 60 za mashine kubwa ya kusaga na kufungasha, na milioni 60 nyingine za kununua nafaka wakati wa mavuno, kuajiri wauzaji na kupeleka bidhaa kwenye supamaketi. Anaweza kukopa, au anaweza kuuza hisa. Watu wengi hukimbilia kuuliza ipi ni rahisi. Mimi ningeanza na swali jingine: pesa hizi zitaanza kurudi lini, na kwa uhakika gani?

Tuanze na benki. Tuseme inampa milioni 120 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, zilipwe kwa miezi 36. Hapo lazima aulize riba inakokotolewa juu ya nini. Kama ni juu ya salio linalopungua kila anapolipa, rejesho lake litakuwa kama milioni 4.34 kwa mwezi, na hadi mwisho atakuwa amelipa riba ya takribani milioni 36. Kama riba inakokotolewa juu ya mkopo wote wa mwanzo kwa miaka yote mitatu, hata pale anapokuwa ameshalipa nusu ya deni, rejesho linapanda hadi milioni 5.13 na riba inafika milioni 64.8. Karatasi zote mbili zimeandikwa asilimia 18, lakini ile ya pili, ukiigeuza kuwa riba ya salio linalopungua, inazidi asilimia 30. Kwa hiyo asilimia pekee haimwambii mkopaji chochote. Aombe jedwali la marejesho, ajumlishe safu ya mwisho, aongeze ada za maombi na bima, ndipo atajua bei ya pesa anayonunua.

Hata kwa mkopo ule wa bei nafuu, tatizo kubwa zaidi ni wakati. Rejesho la kwanza linadaiwa mwezi ujao. Mashine itachukua miezi miwili kufika na kufungwa. Unga wa kwanza utaingia supamaketi mwezi wa tatu, na supamaketi nyingi hazilipi papo hapo. Zinachukua mzigo leo na kulipa baada ya siku 30 au 60. Maana yake kwa karibu miezi mitano hakuna shilingi mpya inayoingia, na biashara ya zamani inatoa milioni 3 huku deni likitaka milioni 4.34. Kila mwezi kuna pengo la milioni 1.34, na njia nyepesi ya kuliziba ni kuchomoa kwenye zile pesa za nafaka. Hapo ndipo kampuni nyingi zinazokua hukwama: mauzo yanapanda, oda zipo, lakini akaunti ni tupu. Dalili yake huonekana mapema. Ukiona rejesho la mwezi huu limelipwa kwa pesa ya kununulia malighafi ya mwezi ujao, shida imeshaanza, hata kama hesabu za mwaka bado zinaonyesha faida.

Dawa mojawapo ni kuomba muda wa neema, yaani miezi sita ya mwanzo alipe riba tu bila kugusa deni lenyewe. Riba hiyo ni milioni 1.8 kwa mwezi, na milioni 3 zake zinaitosha. Deni halipungui katika kipindi hicho na riba ya jumla inaongezeka, lakini kampuni inabaki hai. Jambo hili lijadiliwe kabla ya kusaini, kwa sababu anayeliomba baada ya kuchelewesha rejesho anaomba akiwa tayari ana doa kwenye taarifa zake za mikopo.

Kisha kuna dhamana. Benki nyingi zitataka hati ya kiwanja au nyumba, na kwa Tanzania, nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mume au mke. Mara nyingi mwenye kampuni atatakiwa pia asaini dhamana binafsi. Saini hiyo ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kampuni yenye dhima yenye ukomo ipo ili deni la kampuni lisimfuate mwenye hisa nyumbani kwake; dhamana binafsi inaufungua mlango huo tena.

Sasa tuje kwa mwekezaji anayenunua hisa. Yeye hataki rejesho la mwezi. Unga usipouzika, pesa yake imepotea pamoja na ya mwanzilishi, na kampuni ikifungwa, wadai hulipwa kwanza huku wenye hisa wakisubiri kitakachobaki. Kwa kubeba hatari hiyo anadai sehemu ya kampuni. Mjadala mzima unaanzia kwenye thamani.

Tuseme wamekubaliana kuwa kampuni ina thamani ya milioni 280. Swali la kuuliza papo hapo ni hili: kabla ya pesa kuingia, au baada? Kama ni kabla, kampuni yenye hisa 280,000 za shilingi 1,000 inatoa hisa mpya 120,000, jumla zinakuwa 400,000, na mwekezaji ana asilimia 30. Kama milioni 280 ni thamani baada ya pesa kuingia, milioni 120 zake zinamnunulia karibu asilimia 43. Namba iliyotajwa mezani ni ileile, na mwanzilishi amepoteza asilimia 13 ya kampuni yake kwa kutouliza. Akumbuke pia kwamba hisa hizi ni mpya, zimetolewa na kampuni, hivyo pesa inaingia kwenye akaunti ya kampuni, haiingii mfukoni mwake.

Akibaki na asilimia 70, wengi watasema bado yeye ndiye mwenye kampuni. Ndiyo, kwa mambo mengi. Lakini kwa sheria ya makampuni, Tanzania na Kenya pia, maamuzi makubwa kama kubadili katiba ya kampuni huhitaji azimio maalumu, nalo hupita kwa angalau robo tatu ya kura. Mwenye asilimia 70 hawezi kulipitisha peke yake, na mwenye 30 anaweza kulizuia. Kati ya 76 na 74 hakuna tofauti kubwa ya faida, ila kuna tofauti kubwa ya mamlaka. Mwanzilishi aujue mstari huo kabla ya kuanza kugawa asilimia.

Je, hisa ni nafuu kwa kuwa hazina riba? Tuseme mpango umefaulu na kampuni sasa inabakiza milioni 8 kwa mwezi, yaani 96 kwa mwaka. Baada ya kodi ya mapato ya kampuni, asilimia 30, zinabaki kama milioni 67. Theluthi, kasoro kidogo, ni ya mwekezaji: milioni 20 kila mwaka kampuni ikigawa faida yote, na haina tarehe ya kuisha. Riba ya benki ilikuwa milioni 36 kwa miaka mitatu, kisha basi, tena riba hukatwa kabla ya kukokotoa kodi wakati gawio hutoka kwenye faida iliyokwisha kukatwa kodi. Biashara ikienda vizuri, hisa ndizo pesa ghali kuliko zote. Ikienda vibaya, ndizo pesa zisizokufuata nyumbani.

Mkataba wa wanahisa nao una kifungu cha kusomwa mara mbili: kipaumbele cha kulipwa kampuni inapouzwa. Kampuni ikiuzwa kwa milioni 200, mwenye asilimia 70 anatarajia 140. Ikiwa mwekezaji ana haki ya kurudishiwa kwanza milioni 120 zake, mwanzilishi anapata 80.

Nataka nigusie pia pesa za ndugu, maana kampuni changa nyingi huanzia huko. Mjomba anatoa milioni 10 na kusema, "Chukua, tutaongea." Miaka minne baadaye kampuni imekua, na mjomba anaamini yeye ni mbia, ilhali mpwa anaamini alikopeshwa. Mwekezaji wa nje atakapokuja kukagua vitabu, jambo hili litasimamisha kila kitu. Karatasi moja inatosha, yenye kujibu: pesa hii ikipotea, inadaiwa? Ikidaiwa ni mkopo, uandikwe na tarehe yake. Isipodaiwa ni hisa, ziandikishwe BRELA.

Kwa mama wa Morogoro, nadhani jibu liko ndani ya mahitaji yake mwenyewe. Zile milioni 120 ni mahitaji mawili tofauti. Mashine ni kitu kinachoshikika, kinaweza kuwa sehemu ya dhamana yake chenyewe, au hata kupatikana kwa ukodishaji wa mitambo. Akikopa milioni 60 za mashine kwa masharti yaleyale, rejesho ni kama milioni 2.17, na biashara aliyo nayo leo inalilipa hata kama Dar es Salaam haitanunua mfuko hata mmoja. Kuingia soko jipya ni kubahatisha, na pesa ya kubahatisha haifai kuwa na tarehe ya rejesho. Milioni 60 hizo zitoke kwenye hisa: kwa thamani ileile ya 280 kabla ya pesa, zinatolewa hisa mpya 60,000, na yeye anabaki na asilimia 82, juu ya mstari wa robo tatu.

Kubaki hapo si kwa milele. Akiuza hisa tena baadaye, atashuka, na huenda ikafaa ashuke. Pia mwekezaji wa milioni 60 si rahisi kumpata. Mifuko mikubwa hutafuta kampuni zinazoweza kukua mara nyingi ndani ya miaka michache ili iuze hisa zake na kuondoka, na kiwanda cha unga kinachokua polepole hakiwavutii. Mara nyingi atakuwa mfanyabiashara binafsi, labda msambazaji anayeijua Kariakoo.

Utaratibu wa kusaini nao ni muhimu. Pesa za hisa ziingie kwanza, kwani benki ikiona mtaji umeongezeka, mkopo wa mashine unakuwa mwepesi kuidhinishwa. Lakini mikataba mingi ya wanahisa inakataza kampuni kukopa zaidi ya kiwango fulani bila idhini ya mwekezaji, na mikataba mingi ya mikopo inakataza kubadilisha umiliki wa hisa bila idhini ya benki. Kwa hiyo idhini ya mkopo wa mashine iandikwe ndani ya mkataba wa hisa siku ileile unaposainiwa, na benki ionyeshwe orodha mpya ya wanahisa kabla haijatoa shilingi yake ya kwanza.